Nyota tano za shemeji

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya biashara iliwashauri wenye hoteli ndogo waombe nyota tano za Google kwa ndugu na marafiki, kisha wageni wapewe punguzo kwa kila maoni mazuri. Nina nyumba ya wageni hapa Jambiani na ushauri huo naupinga.

Tupige hesabu. Nyumba ina maoni 10, wastani wake nyota 3.8. Shemeji, binamu na uliosoma nao wakikujazia nyota tano mara 10, wastani unapanda hadi 4.4, na maji yanakatika vilevile. Mgeni aliyeko Dodoma au Hamburg hutuma pesa kabla hajaiona nyumba. Tegemeo lake ni maneno ya aliyelala pale kabla yake. Shemeji hajalala. Na hata angelala asingelipa, wala asingeandika kwamba chandarua kimetoboka ilhali Idi mtakula pamoja. Rafiki aliyelala na kulipa kama wengine, huyo aandike atakavyo, ila ataje kuwa ni rafiki.

Kwenye punguzo, utetezi ni kwamba mgeni ni wa kweli. Sawa, lakini mtu yuko mapokezi na bili mkononi, anaambiwa atapunguziwa shilingi 20,000 akiandika hapo hapo, tena mwenye nyumba anachungulia simu. Nani atataja maji baridi? Ndiyo maana Google na Tripadvisor zinakataza kutoa punguzo au zawadi ili mtu aandike maoni, hata kama hukutaja idadi ya nyota. Tripadvisor inawakataza pia ndugu wa mwenye hoteli. Marekani, kanuni ya tume ya biashara, FTC, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inakataza kulipia maoni kwa sharti la kuwa mazuri.

Kuna mbinu nyingine, na hii hata watu waaminifu wanaifanya: unamuuliza mgeni kama amefurahi, akisema ndiyo unamtumia linki, akinuna unamsindikiza kwenye teksi. Hakuna aliyedanganya, lakini msomaji ameonyeshwa nusu tu ya wageni. Google inalikataza na hilo. Mimi kadi ya kuomba maoni naiweka kila chumba, haina neno "tano", na aliyelalamikia kelele za jenereta namjibu pale pale chini ya maoni yake.

Mwandishi wenu awarudie wasomaji walioanza kugawa kuponi, awaambie na hili: Google ikigundua maoni ya kupangwa, inaweza kuyaondoa, ikazuia mapya kwa muda na kubandika onyo kwenye ukurasa wa biashara. Na kugundua si kazi. Akaunti kumi zisizowahi kuandika lolote, zote Jumamosi moja, zote "huduma nzuri sana", hakuna hata moja iliyotaja chumba.

Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Zanzibar