Insha yako ya ufadhili na daftari la madeni

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Insha yako nimeipata, na umefanya vyema kuiandika kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuifasiri kwa Kiingereza, maana hivi naweza kukuonyesha wazi pale inapolegea. Aya ya pili yasema: "Maisha yetu yalikuwa magumu sana, lakini kwa kuwa mimi ni jasiri, mvumilivu na mwenye bidii, sikukata tamaa." Hakuna uongo hapo. Ila nilipokuwa mwakilishi wa wazazi katika kamati ya basari ya kata, sentensi kama hiyo niliikuta katika fomu baada ya fomu, za watoto wa Mkomani na wa Langoni vilevile, hata nikawa siwezi kukumbuka ipi ni ya nani. Mwombaji akijiita mvumilivu, kamati haina la kupima. Itamwamini tu au itamwacha.

Basi pigia mstari kila neno linalokusifu na kila neno linalolalamikia maisha, kisha ujiulize, kwa kila moja, mtu aliyekuwapo siku ile angeona nini kwa macho yake. Neno lisilo na jibu lifute. "Jasiri" sioni jibu lake. "Mvumilivu" lina jibu, nalo ni lile daftari la madeni, ambalo kwa ajabu umelitaja kwa maneno manne tu.

Najua moyo wako uko katika kisa cha siku uliyorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, kwa kuwa ndicho kilichokuumiza. Lakini katika kisa hicho wewe umesimama langoni na begi lako, na wengine ndio wanaoamua kila kitu. Msomaji atakuhurumia, wala hatajua unafanya nini mambo yakikubana. Kitie katika sentensi moja, kama sababu ya yaliyofuata, kisha uende kwenye daftari, kwa kuwa hapo wewe ndiye uliyeamua jambo. Mimi ningeliandika hivi:

"Kusi ilipochafua bahari, dau la baba lilipandishwa pwani, tukabaki na mahamri ya mama. Paketi ya unga ya kilo 2 ilitoa mahamri 50, kila moja shilingi 10, na yote yaliisha kabla ya saa mbili. Hata hivyo jioni fedha ya unga wa kesho haikutimia. Nilikaa barazani na daftari, nikajumlisha ya wiki nzima, nikaona kwamba karibu nusu ya mahamri yaliondoka kwa mkopo. Kesho yake, kabla ya shule, nilibeba ndoo hadi gatini, ambako abiria wa boti za Mokowe hulipa taslimu. Jirani yetu mmoja alinuna, akaacha kunisalimu. Karo yote haikupatikana, lakini unga haukukopwa tena."

Tazama kwamba hakuna neno hata moja la kukusifu. Jirani aliyenuna usimwondoe, kwa kuwa anaonyesha kwamba uamuzi wako ulikuwa na gharama. Na sentensi ya mwisho usiipambe, kwa sababu mwombaji anayedai kwamba ndoo moja ya mahamri ilimaliza deni la shule hataaminiwa, hata katika yale ya kweli. Halafu, baada ya kisa, utashawishika kuandika, "Hili linaonyesha kuwa mimi ni mvumilivu." Usiandike. Pitia moja kwa moja kwenye uhasibu unaotaka kuusomea, na ueleze ni nini katika lile daftari kilichokuvutia, yaani jinsi biashara inavyoweza kuuza kila kitu na bado ikakosa fedha mkononi. Kisa hiki hakijafika maneno 100, na insha yako ina nafasi ya maneno 500, kwa hiyo masomo unayoyaomba yana mahali pa kutosha. Wengi humaliza karatasi yote kwa dhiki, na kamati ikabaki haijui fedha itakwenda kufanya nini.

Ile sentensi ya kwamba tulilala njaa iondoe. Hatukulala njaa, tulikula muhogo hata ukachoka nao, na ukitaka kuandika hilo la muhogo, andika.

Mwisho, insha na fomu ya mapato husomwa pamoja. Baba yako hapati fedha sawa mwaka mzima, kwa hiyo penye nafasi ya maelezo utenganishe miezi ya kusi na miezi ya kaskazi, ili anayesoma habari ya dau lililopandishwa pwani akute hesabu inayolingana nayo. Niletee nakala ya pili kabla hujaifasiri, na umsalimie khaloo wako.

Mama yako