Mstari wa asilimia umelala chini ya chati: tunafanya nini hadi uinuke

Lawama inayotufikia kila mara ni hii: "Mnatoza pesa yote hiyo kwa kuongeza mhimili mmoja tu kwenye chati?" Wiki hii mteja mwingine ameandika kwamba ameibiwa, basi acha tueleze kazi yenyewe.

Kwenye Excel, kiwango cha faida cha 22% ni 0.22. Ukiichora pamoja na mauzo ya milioni 38, mstari wake unagandamana na sakafu ya chati, hata kuubofya huwezi. Sisi tunauchagua kwenye orodha iliyo kushoto kabisa mwa kichupo cha Format, kisha Format Selection, halafu Secondary Axis. Baada ya hapo tunaingia Change Chart Type, mauzo yabaki nguzo na asilimia iwe Line. Zote zikiwa nguzo, za asilimia zitazifunika za mauzo.

Wengi hukwepa haya kwa kuzidisha asilimia kwa milioni 100 ili mstari uonekane. Mteja mmoja alifanya hivyo, 22% ikasomeka milioni 22, na kikaoni wakubwa wake wakaamini hiyo ndiyo faida. Faida halisi ilikuwa 22% ya milioni 38, yaani milioni 8.36. Tuliletewa faili likiwa na fomula zinazotegemea tarakimu zile za uongo, na kulisafisha kulimgharimu kuliko chati tatu mpya.

Mhimili ukishawekwa, kazi haijaisha. Mteja huyo mauzo yake yalipanda kutoka milioni 38 hadi 46, na kiwango cha faida kikashuka kutoka 22% hadi 19%. Tofauti ikiwa ndogo hivyo, Excel yenyewe huanzisha mhimili wa kulia juu ya sifuri, na mstari unaporomoka kama biashara inakufa. Lakini 19% ya milioni 46 ni milioni 8.74: faida imeongezeka! Ndiyo maana tunafungua Format Axis na kujaza Minimum na Maximum kwa mkono. Kushoto tunaweka 0 hadi milioni 50 kwa hatua za milioni 10. Kulia 0 hadi 0.25 kwa hatua za 0.05. Pande zote zina hatua tano, kwa hiyo mistari ya gridi inasomeka kushoto na kulia bila kukisia.

Kila mhimili tunaupa jina, na maandishi ya ule wa kulia tunayapaka rangi ya mstari wake. Tena tunamwambia mteja waziwazi kwamba pale mstari unapokata vilele vya nguzo hapana maana yoyote. Ukibadilisha Maximum, makutano yanahama.

Ukituletea kazi, tuma jedwali la asili, asilimia zikiwa asilimia. Faili lililokwisha kuzidishwa tunalipokea pia, ila bei yake ni nyingine, kwa sababu lazima tukague seli moja moja kabla ya kuchora chochote.