Kabla Hujanunua Fenesi la Bei Rahisi, Tazama Miiba Yake

Lalamiko ambalo halituishi hapa kibandani ni kwamba fenesi letu ni ghali kuliko lile la kando ya barabara. Ni kweli ni ghali, kwa sababu sisi hatununui lililokatwa changa.

Mama mmoja wa South B alituletea fenesi alilolinunua kwingine ili tumkatie. Alikuwa amelipigilia kijiti kwenye kikonyo na kulifunika kwa gunia, akitumaini kwamba lingeiva haraka. Miiba yake ilikuwa ingali myembamba, mikali na iliyosongamana, na ganda lilikuwa la kijani kibichi. Tulipolipasua, kisu kilinata kwa utomvu, nyama ilikuwa nyeupe na ngumu kama mpira, na palipoingia kijiti uozo ulikuwa umeshaanza kushuka ndani. Alilipa nusu ya bei yetu, lakini hakupata hata tonge moja la kula.

Fenesi linapokomaa hutanuka, na ndiyo maana miiba huachana, ikawa mipana na butu, huku kijani kikigeukia manjano au hudhurungi. Mimi huanza kutazama sehemu ya katikati, si karibu na kikonyo, kisha nalipiga kwa kiganja: changa hutoa mlio mkavu, lililokomaa hutoa mlio mzito wa uvungu. Harufu huja mwisho, nayo ikishajaa chumba, fenesi hilo ulile leo. Lililokatwa likiwa limekomaa huiva lenyewe kwa siku 3 hadi 10, na katika baridi ya Julai hapa Nairobi tarajia siku nyingi zaidi. Changa halikomai ndani ya gunia, hata ulifunike vipi.

Kwa pasheni ya zambarau, mambo yanageuka, kwani wateja hukataa ile hasa iliyo tamu. Ganda linapopoteza maji hukunjamana, na ukali wa juisi hupungua. Chagua yenye rangi nzito na makunyanzi machache, mradi iwe nzito mkononi. Iliyokunjamana ikiwa bado ya kijani ilichumwa mapema na imekauka tu. Nyepesi nayo iache, kwani ndani kumebaki ganda na mbegu.

Komamanga haliivi tena baada ya kuchumwa, hivyo kulihifadhi ili liwe tamu ni kazi bure. Wekundu hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa zipo aina zinazoiva zikiwa na manjano. Tazama umbo: punje zikijaa husukuma ganda, mviringo ukapotea na pande bapa zikajitokeza, na mng'ao nao hufifia. Makunyanzi hapa si dalili ya utamu. Ni ganda lililokaa sana, ingawa mara nyingi punje bado ni nzima.

Anayehitaji fenesi la Jumapili atuambie mapema wiki hiyo, tumchagulie ambalo miiba yake imeshaachana lakini halijaanza kunukia.