Bei ya usajili itangazwe pamoja na kodi yake

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu kuhusu kupanda kwa gharama za programu na huduma za mtandaoni imenilazimisha kuishika kalamu. Mwandishi wenu alieleza kwamba Mkenya hulipa zaidi ya bei anayoiona kwenye tangazo kwa sababu ya udhaifu wa shilingi, akaishia hapo. Maelezo hayo si sahihi, na kwa watu kama mimi wanaoshika fedha za wenzao, kosa hilo lina madhara.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama washonaji hapa Kisauni. Kikundi kiliamua kununua usajili wa programu ya kuchora vielelezo vya mishono, ili tuache kukata karatasi upya kila mteja anapoleta vipimo vyake. Tangazo lilisema dola 10 kwa mwezi, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba malipo ni ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wanachama walipiga hesabu wenyewe mkutanoni: dola 10 mara miezi 12 ni dola 120, na kwa kiwango cha takriban Sh129 kwa dola kinachotajwa kila siku katika habari, jumla ni Sh15,480. Kiasi hicho kiliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kupitishwa. Nilipolipa kwa kadi ya kikundi, benki ilikata Sh18,652.80.

Tofauti ni Sh3,172.80, na katika kikundi ambacho mwanachama huchangia kwa kudunduliza, hizo ni fedha za kuulizwa. Nami niliulizwa. Mama mmoja ninayemheshimu sana alisimama mbele ya kikao na kusema, "Dada Mweka Hazina, kumi mara kumi na mbili ni mia na ishirini, hata mjukuu wangu anaijua. Hizi nyingine ni za nani?" Nilikuwa na ujumbe wa benki kwenye simu, lakini ujumbe huo ulitaja jumla ya shilingi pekee. Haukutaja dola zilizokatwa, wala kiwango cha kubadilishia, wala kodi. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa mshukiwa wa wizi kwa sababu ya bei ambayo muuzaji aliijua tangu mwanzo, lakini hakuiandika mahali ambapo mnunuzi angeiona kabla ya kuamua. Nilipopata risiti kamili kutoka kwa muuzaji ndipo mambo yalipofafanuka: bei dola 120, VAT dola 19.20, jumla dola 139.20. Kodi ilikuwepo muda wote, ila ilijitokeza kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo, mwisho kabisa, baada ya nambari za kadi kuingizwa. Anayelipa kwa simu yenye kioo kidogo hubonyeza kitufe cha kuthibitisha kabla macho hayajafika hapo.

Naomba wasomaji wako waifuate hesabu hii, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mahali taarifa yenu ilipokosea. Dola 19.20 za kodi, kwa kiwango cha Sh129, ni Sh2,476.80. Benki nayo haikutumia Sh129. Ilitumia Sh134, kwa sababu kiwango kinachotajwa kwenye habari ni wastani wa soko, na benki humuuzia mwenye kadi dola kwa bei yake yenye faida ndani. Zidisha Sh5 hizo kwa dola 139.20, unapata Sh696. Ukijumlisha na zile za kodi, unafika kwenye Sh3,172.80 kamili. Kwa hiyo zaidi ya robo tatu ya tofauti ni kodi, na iliyobaki ni faida ya benki. Udhaifu wa shilingi hauna hata senti katika hesabu hii. Ndani ya Sh696 hizo pia mna Sh96 ambazo benki ilizipata kwa kubadilisha zile dola 19.20 za kodi. Yaani tunalipa kodi, kisha tunailipa benki faida juu ya kodi hiyo, na Sh96 hizo haziingii katika hazina ya serikali.

Sipingi kodi yenyewe. Huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje kwa watu walioko Kenya hutozwa VAT, na kanuni zake zilianza kutekelezwa Aprili 2021. Kiwango ni asilimia 16, kile kile tunachotozwa kwenye nyuzi na vifungo, na ni haki, kwa sababu mtu wetu anayetengeneza programu hapa nchini hawezi kutozwa kodi huku mwenzake wa ng'ambo akiuza bila kodi. Muuzaji wa nje hutakiwa kujisajili kwa KRA, aikusanye kodi kutoka kwa mnunuzi na kuiwasilisha. Hujua kwamba mnunuzi yuko Kenya kwa kutazama kadi ilitolewa wapi, anwani ya malipo, anwani ya mtandao ya kifaa, au laini ya simu ni ya nchi gani. Ndiyo maana ushauri niliopewa na kijana mmoja, kwamba nibadilishe nchi kwenye akaunti ili kodi iondoke, haukunivutia. Kadi ya benki ya Kenya hubaki ya Kenya, na mweka hazina hana ruhusa ya kusema uongo kwa niaba ya wanachama.

Taarifa yenu iliutaja pia ushuru wa huduma za kidijitali kana kwamba unakatwa kwenye kadi ya mnunuzi. Ule ulikuwa asilimia 1.5 ya mapato ghafi ya muuzaji, ulianza Januari 2021, na tangu mwisho wa Desemba 2024 umeondolewa, mahali pake pakachukuliwa na kodi ya uwepo mkubwa wa kiuchumi. Zote mbili ni kodi za mapato, mzigo wa muuzaji mwenyewe. Anaweza kuzifidia kwa kupandisha bei yake, lakini hapo bei ya tangazo ndiyo inayopanda. Kodi inayoongezwa juu ya bei kwenye risiti ni VAT. Kuihakiki ni rahisi: gawa kodi iliyoandikwa kwa bei kabla ya kodi. Dola 19.20 gawanya kwa 120 ni 0.16, basi ni sahihi. Bei ikiwa imetangazwa kwa shilingi na kodi ikiwa imo tayari, usitoe asilimia 16 ya jumla kama wengi wafanyavyo. Zidisha jumla kwa 16, kisha gawa kwa 116. Katika Sh1,160 kodi ni Sh160, wala si Sh185.60.

Kinachonikera, na nitakisema bila kuzunguka, ni kwamba bei ile inatangazwa bila kodi kwa mazoea ya nchi nyingine. Kule Marekani kodi ya mauzo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na hata mji hadi mji, hivyo wauzaji wamezoea kuandika bei tupu na kuongeza kodi mwishoni, na mnunuzi wa kule amekua akijua hivyo. Sisi hatukuzoeshwa hivyo. Ukienda Mtaa wa Biashara kununua vitambaa, bei unayotajiwa ndiyo unayolipa. VAT imo, na risiti huitenganisha baadaye kwa faida ya mwenye kuihitaji. Kenya ina kiwango kimoja cha kawaida kwa nchi nzima, kuanzia Vanga hadi Mandera. Hakuna ugumu wowote wa kuhesabu unaoweza kumzuia muuzaji kuandika bei kamili. Wala asiseme kwamba mitambo yake haiwezi, maana katika nchi za Muungano wa Ulaya sheria humtaka kumwonyesha mnunuzi wa kawaida bei iliyo pamoja na VAT, na kampuni zizo hizo huitii. Mjerumani anaonyeshwa bei kamili kabla ya kuamua, na mama wa Kisauni anaonyeshwa nusu ya habari mpaka kadi yake iwe imeshaingizwa. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kujulishwa ada zote za huduma, kwa jina lolote ziitwalo. Kama haki hiyo inatumika kwa benki iliyo jirani yetu, sioni kwa nini imsamehe muuzaji aliyejisajili kwa KRA na anayechukua fedha zetu kila mwaka.

Kampuni kubwa haiumii. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT anaweza kudai kodi aliyolipia kwenye manunuzi ya biashara yake, lakini usajili huo ni wa lazima kwa mwenye mauzo ya Sh5 milioni au zaidi kwa mwaka, na kikundi chetu hakijafika hata karibu. Kwetu zile dola 19.20 ni gharama ya mwisho, hazirudi. Kwa hiyo asiyeweza kuirudisha kodi ndiye anayefichwa bei yake.

Na kwa kuwa nimeitaja benki, niseme na la marejesho. Mwanachama wetu mmoja alifuta usajili wake mwingine ndani ya muda ulioruhusiwa, akarejeshewa dola zote alizolipa, kodi ikiwemo. Shilingi zilizoingia zilikuwa pungufu, kwa sababu benki ilimuuzia dola kwa bei ya juu na kuzinunua tena kutoka kwake kwa bei ya chini. Alipouliza aliambiwa ndivyo mfumo ulivyo. Muuzaji alirejesha kila senti, lakini mteja alipoteza fedha kwa huduma ambayo hakuitumia.

Ninachotaka ni vitu viwili, na vyote vinaandikika katika mistari miwili. KRA inapomsajili muuzaji wa nje, imshurutishe kuandika chini ya bei yake, kwa herufi za ukubwa ule ule na kabla hajaomba kadi, maneno haya: "Kenya: dola 139.20 kwa mwaka, VAT imo." Benki nayo iandike katika ujumbe wake kiasi cha dola kilichokatwa na kiwango ilichotumia: "Dola 139.20 kwa Sh134." Kwa mistari hiyo miwili ningelimjibu yule mama palepale kikaoni.

Na wewe, Mhariri, ulipochapisha jedwali la bei za usajili pembeni ya taarifa ile, uliziandika bila kodi, kama walivyoziandika wauzaji. Naomba jedwali hilo lichapishwe upya katika toleo lijalo, kila bei ikiwa imeongezewa asilimia 16, ili wenzangu wanaopeleka bajeti kwenye vikundi vyao wiki hii wapeleke hesabu ambayo kadi itakuja kuithibitisha.

Mweka hazina,
Kisauni, Mombasa