Asante dada wa usiku ule

Jamani nataka kumshukuru dada mmoja, jina nalihifadhi maana hapendi kutajwa. Nilipewa kazi ya posta ya mgombea uenyekiti wa chama chetu cha wanafunzi, inatakiwa kubandikwa asubuhi, na mi nina simu tu na Canva ya bure. Picha ya mgombea ilikuja imebanwa, ukiizumu kidogo uso wote vumbi. Dada akasema mwambie aitume kama dokumenti sio kama picha, ikaja safi hadi vifungo vya shati unavihesabu. Akauliza mnaprinti saizi gani, nikasema A3, basi akanifungulisha ukurasa wa milimita 297 kwa 420 kabisa, maana ule wa mraba wa pikseli 1080 ukivutwa hadi A3 herufi zinaota meno pembeni, na mwisho nikashusha kwa PDF Print badala ya JPG. Akanambia pia niiache simu mezani nisimame mlangoni nione kama jina linasomeka, halikusomeka bwana, slogani ilikuwa ndefu kama risala, tukaifyeka jina likapata nafasi. Saa kumi alfajiri bado anajibu meseji! Dada, posta zimetoka kali balaa, Mungu akuzidishie.