Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Ndege wa Dakatcha Hamlishi Mtu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira na misitu,

Salaam kutoka Mombasa. Tumekuandikia kwa njia za kawaida mara tatu bila kujibiwa, ndiyo sababu barua hii tunaiweka hadharani. Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kukusanya maoni kuhusu kufyeka msitu wa Dakatcha ili kulima, mtetezi wa mradi alisimama akauliza: "Huyo ndege mnaemlilia anamlisha nani?" Ukumbi ukacheka. Maafisa waliokuwa meza ya mbele wakaandika kitu, wakasonga mbele.

Mheshimiwa, jibu la swali lile ni kwamba hamlishi mtu. Tunalikubali. Tatizo letu ni kwamba katika mfumo wako wa kupima miradi, jibu hilo linatosha kumfuta ndege huyo.

Kwa muda mrefu sisi watu wa Mombasa tumetetea misitu kwa hoja ya maji, na hoja hiyo ni ya kweli. Maji ya Marere yanatoka Shimba Hills. Maji ya chemchemi ya Mzima, ambayo bomba lake lilifika Mombasa miaka ya 1950, ni mvua inayonyesha vilima vya Chyulu, ikazama kwenye mawe ya volkeno na kutokea chini. Ukifyeka kule, mfereji unakauka huku, na mtu wa Likoni anarudi kununua maji kwa mtungi. Huo ndio mtazamo unaomweka binadamu kitovuni: msitu una thamani kwa sababu sisi tunaunywa. Kwa Shimba unatosha, na ukihesabiwa kwa uaminifu unaulinda msitu.

Dakatcha ni jambo jingine. Iko Magarini, kaskazini ya mto Sabaki, na hatuwezi kukudanganya kwamba mifereji yetu inaitegemea. Tunachopata Mombasa kutoka upande ule ni magunia ya makaa na mananasi. Kwa hoja ya maji peke yake, Dakatcha haina wakili. Lakini ndani yake yumo mnana wa Clarke, ndege ambaye duniani kote yuko Kaunti ya Kilifi tu, katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha.

Tazama anavyoishi, maana hapa ndipo ripoti zinapokosea. Chakula chake ni wadudu wa juu kwenye matawi ya miti ya mirihi. Hazai huko. Anazalia kwenye vidimbwi vya msimu, mvua ikishajaza maji na majani ya bwawani yakasimama, tena kwa makundi. Wataalamu walitafuta mazalio yake miaka mingi, wakayapata Dakatcha mwaka 2013. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili kwa pamoja: mirihi ya kulia na bwawa la kuzalia. Mshauri akienda siku nne wakati wa kiangazi, ataona shimo la udongo mkavu na ataandika "hakuna kiota kilichoonekana". Atakuwa amesema kweli, na leseni itatolewa juu ya ukweli huo. Ukitaka kujua ripoti ni ya kuaminika, usianze na muhtasari wake. Fungua ukurasa wa tarehe za ukaguzi uzilinganishe na mvua.

Tunajua mkulima mwenye njaa ana haki yake, na hatumwambii ampishe ndege afe njaa. Lakini hata hesabu ya mkulima haifanywi sawasawa. Mrihi huota kwenye mchanga mweupe ambao rutuba yake iko kwenye miti yenyewe na kwenye majani yaliyooza juu. Chimba kidogo: utakuta tabaka jembamba lenye weusi, na chini yake mchanga unaoponyoka vidoleni. Ukifyeka na kuchoma, jivu hutoa chumvichumvi zote kwa mkupuo mmoja, na nanasi la kwanza linanona. Kisha mvua inazisukuma chini zisikofikiwa na mizizi mifupi, mboji inaisha kwa jua, na baada ya mavuno machache mkulima anahamia kipande kingine. Mkulima wa jembe na panga huacha visiki, na mrihi huchipua tena kisikini. Trekta linalong'oa mizizi haliachi cha kuchipua. Kwenye fomu ya maombi, hao wawili wanaandikwa neno moja: "kusafisha shamba".

Halafu kuna hesabu ya pesa. Wachumi wa miradi hushusha thamani ya kila shilingi ya kesho ili kuilinganisha na ya leo. Wakitumia asilimia 12 kwa mwaka, hasara ya shilingi 1,000 itakayotokea miaka 30 ijayo inaandikwa leo kama shilingi 33 hivi. Wakitumia asilimia 3, inakuwa karibu 412. Msitu ni ule ule, hasara ni ile ile, na watakaoipata ni wajukuu wetu, ambao nao ni binadamu. Mnana hata hizo 33 hazipati. Yeye hamo kabisa.

Ndiyo maana tunakuomba usome Katiba uliyoapa kuilinda. Kifungu cha 42 kinatupa sisi haki ya mazingira safi, kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo; hapo binadamu bado yuko kati. Lakini Kifungu cha 70(3) kinasema anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Hatudai kwamba Katiba imempa ndege haki zake mwenyewe. Tunasema imefungua mlango ambao fomu zako zimeufunga: mahakama haidai majeruhi wa kibinadamu, mbona meza yako inadai?

Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hawakungoja Katiba. Kwenye kaya hutoki na hata kijiti kikavu, na hakuna aliyepiga hesabu ya faida ya kijiti hicho. Mtu atasema kaya pia ni za binadamu, kwa kuwa zinalindwa kwa ajili ya mizimu na makaburi. Ni kweli, lakini kuna miti iliyobaki pale na ikaisha kila mahali pengine.

Mheshimiwa, serikali yako iliahidi miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tumeisikia ahadi hiyo kwenye kila hafla. Mche wa kitalu ukiota Mtwapa haumrudishii mnana tawi la mrihi lililokatwa Dakatcha. Na usituambie kwamba mipango ya aina hii hufa yenyewe. Ule wa mibono kaburi, mimea ya kukamua mafuta, hekta 50,000 hapo hapo Dakatcha, ulisimama baada ya kelele nyingi, na kelele kubwa zaidi ilikuwa ya watu ambao wangehamishwa. Je, pasipokuwa na mtu wa kuhamishwa?

Ombi letu ni moja. Kabla ya leseni yoyote ya kufyeka msitu wa asili Pwani, ripoti iwe na sehemu inayojibu: ni kiumbe gani kiko hapa na hakina pengine pa kwenda, kimekaguliwa mvua na kiangazi, na je, mahali pake pa kulia na pa kuzalia panabaki pote pawili? Jibu likiwa kiumbe hicho kitaisha, usitie sahihi, hata kama safu ya faida ni ndefu. Mananasi yana mashamba yaliyokwisha kufyekwa na kuachwa; yafufuliwe hayo kwa mbolea na mboji.

Usitie sahihi, Mheshimiwa. Mvua za masika zikianza, tuma mtu akatazame vile vidimbwi kwanza.

Ni sisi,
Wakazi wa Mombasa tunaofuatilia misitu ya Pwani