Menyu ya Kiingereza, Maneno ya Kifaransa: Mahali Mgeni na Jiko Wanapopishana

Kazi yetu ni kuandika na kuchapa menyu za hoteli na migahawa ya kitalii, na karibu kila menyu ya Kiingereza inayoletwa kwetu ina maneno kadhaa ya Kifaransa. Mengi hayana madhara. Matatu kati yake, yaani “entrée”, “à la carte” na “table d’hôte”, yanahusu mpangilio wa mlo na bei yake, na kwa sababu hiyo yakieleweka vibaya tatizo huonekana mezani kwanza, kisha kwenye bili.

Lenye matata zaidi ni “entrée”. Mfaransa wa leo akilisoma anaelewa kianzio: sahani ndogo inayotangulia chakula kikuu, kama vile saladi, supu au vipande vichache vya samaki. Mwaustralia naye analielewa hivyo hivyo. Mmarekani, na Mkanada anayezungumza Kiingereza, wanaelewa kinyume chake, kwamba hicho ndicho chakula kikuu chenyewe, sahani iliyojaa nyama au samaki pamoja na wali au viazi. Wote watatu wanaweza kuketi katika ukumbi mmoja usiku mmoja, wakiwa na menyu ile ile mkononi, na kila mmoja akawa sahihi kwa matumizi ya kwao.

Tofauti hii haikutokana na Wamarekani kukosea Kifaransa, kama wapishi wengine wanavyodai. Katika karamu kubwa za karne ya 19, mlo ulikuwa na hatua nyingi. Supu ilitangulia, samaki wakafuata, kisha zikaja sahani za moto za nyama zenye mchuzi, ambazo ndizo zilizoitwa “entrée”, na baada yake likaletwa pande kubwa la nyama ya kuoka. Kwa hiyo “entrée” ya wakati huo ilikuwa chakula kizito kilichokaa katikati ya mlo. Baadaye mlo ulipofupishwa, kila nchi ilipunguza kwa namna yake. Kule Marekani hatua nyingine ziliondoka na jina likabaki kwenye sahani nzito ya nyama, ilhali kule Ufaransa jina lilibaki kwenye nafasi ya kutangulia, na chakula chenyewe kikawa chepesi. Wamarekani walihifadhi uzito wa sahani, Wafaransa wakahifadhi mahali pake.

Tuchukue mfano wa hoteli ya ufukweni Zanzibar, ambayo menyu yake iliandikwa kwa mtindo wa Kimarekani. Ukurasa wa vianzio una jina lake, ukurasa wa pili umeandikwa “Entrées”, na wa tatu una vyakula vya kuchoma. Wageni wawili wa Kifaransa wanafungua ukurasa wa pili wakidhani ndio wa vianzio, na kila mmoja anaagiza pweza wa nazi kwa shilingi 32,000. Kisha wanakwenda ukurasa wa tatu na kuagiza nguru wa kuchoma kwa shilingi 38,000 kila mmoja. Mhudumu anaandika oda kama alivyoambiwa, na jiko linatoa sahani mbili kubwa za pweza zenye wali, na baada yake sahani mbili kubwa za nguru zenye wali tena. Bili inafika shilingi 140,000. Kama wangechukua pweza wa ukurasa wa vianzio, ambaye ni wa shilingi 15,000, wangelipa 106,000, na nusu ya chakula kisingerudi jikoni. Mtu atauliza kwa nini bei haikuwazindua, lakini mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana yake bado hajazoea hesabu ya shilingi, na tena anatarajia bei ya hoteli iwe juu.

Dalili ya tatizo hili huonekana mapema kwa anayeitafuta. Mgeni akiagiza sahani mbili za ukurasa mmoja, moja akitaka itangulie na nyingine ifuate, au Mmarekani akiagiza “entrée” kwenye menyu ya mtindo wa Kifaransa, akala vipande vitatu vya pweza na kuendelea kungoja, hapo neno limekwisha kuwapoteza. Kwa hiyo tunapendekeza neno hili liondolewe kabisa. Ukurasa wa kwanza uitwe “Starters” na wa pili “Main Courses”, maneno ambayo mgeni yeyote anayesoma Kiingereza ameyazoea, na ambayo hayana maana mbili.

Lile la “à la carte” tunaliacha lilivyo, kwa kuwa maana yake ni moja karibu kila mahali: kila sahani ina bei yake, na mgeni hulipa alichochagua.

Neno “table d’hôte” linahitaji uangalifu zaidi. Asili yake ni meza ya mwenye nyumba ya wageni, ambapo wasafiri waliketi pamoja kwa saa iliyopangwa, wakala kilichopikwa siku hiyo na kulipa bei moja. Hoteli zinazofuata desturi ya Kiingereza hulitumia kwa mlo wa bei moja wenye hatua mbili au tatu na uchaguzi mdogo katika kila hatua. Ufaransa yenyewe imebaki karibu na asili, kwani huko ni chakula anachowapikia mwenye nyumba wageni waliolala kwake, wote wakala mlo mmoja. Mlo wa bei moja wa mgahawani Wafaransa huuita “menu”, na orodha nzima ya vyakula huiita “carte”. Ndiyo maana Mfaransa akiomba “menu”, huenda hataki kitabu cha orodha, bali anauliza kama kuna mlo wa bei moja. Mhudumu anayelijua hilo humpa kitabu na papo hapo humwonyesha ukurasa huo.

Fedha huingia hapa kwa wageni wa nusu bodi, ambao wamekwisha kulipia chakula cha asubuhi na cha usiku pamoja na chumba. Hoteli nyingi huwapa mlo wa bei moja, na anayetaka kamba wa ukurasa mwingine huongeza malipo. Menyu ikisema tu “Table d’Hôte”, mgeni hajui kama hicho ndicho chakula alicholipia. Sisi huandika jina rahisi la “Set Menu”, idadi ya hatua, bei yake, na sentensi moja chini inayosema kwamba wageni wa nusu bodi hawalipi zaidi, isipokuwa kwa vyakula vilivyowekewa alama, ambavyo nyongeza yake imeandikwa pembeni kwa shilingi. Nyongeza hiyo iwe kiasi kamili, kwa sababu maneno kama “malipo ya ziada yatahusika” huacha ugomvi ukingoja siku ya kuondoka.

Mwenye hoteli anayebadilisha menyu asisahau mashine ya oda. Mara nyingi kitabu kipya hufika mezani huku kitufe cha mashine kikiendelea kusema “ENTREE”, na karatasi inayotoka jikoni ikabeba neno lile lile la zamani. Mpishi mpya aliyezoea mtindo mwingine atapika kwa kadiri anayoijua yeye. Kwa hiyo tunapokabidhi menyu tunaambatisha orodha ya majina ya kubadilishwa kwenye mashine, na tunaomba oda moja ya majaribio ipigwe kabla ya wageni kuingia, ili mpishi aeleze kwa mdomo ni sahani ipi inatangulia na ipi inafuata.